Zamu za usiku zimenivuruga choo: nile saa ngapi, niende chooni saa ngapi?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mlinzi wa ghala hapa Tanga, nina miaka 34. Tunaingia usiku nne, tunapumzika siku mbili, halafu mchana nne, tunapumzika tena mbili. Zamu ni saa 12 mpaka saa 12. Nikiwa usiku napitisha hata siku tatu sijapata choo, tumbo limejaa gesi, halafu siku nimelala zangu mchana ndiyo nabanwa ghafla naamka mbio. Lindoni choo kiko mbali na geti, nikibanwa najizuia. Nanunua vidonge vya kufungua choo duka la dawa lakini naona vinanivuruga zaidi. Nikiwa likizo niko sawa kabisa. Nifanyeje?" — Mlinzi, Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Katika yote uliyoniandikia, lililonisaidia zaidi ni lile la mwisho, kwamba ukiwa likizo uko sawa kabisa. Uvimbe au kidonda cha utumbo hakiendi likizo pamoja nawe. Kingekusumbua ukiwa nyumbani vilevile. Kwako kinachobadilika ni saa za kulala, za kula na za kwenda chooni, na tatizo linakuja na kuondoka pamoja nazo. Kwa hiyo nakujibu nikichukulia kwamba utumbo wako ni mzima, ila saa zako na saa zake hazikutani. Mwishoni nitakutajia dalili ambazo ukiziona usiendelee na ratiba yangu, nenda hospitali.

Tuanze na utumbo mpana wenyewe, maana ukiuelewa huu, ratiba utaipanga mwenyewe hata ukibadilishiwa zamu. Utumbo mpana ndiyo sehemu ya mwisho, inayonyonya maji na kukifanya choo kiwe choo. Muda mwingi unajikunja kidogo kidogo, unageuza kilichomo bila kukipeleka mbali. Mara chache kwa siku, kwa mtu mzima mwenye afya kama mara sita hivi, unapita msukumo mkubwa unaoshusha choo kutoka juu mpaka kwenye puru, yaani kipande cha mwisho kabla ya njia ya haja, na hapo ndipo mtu anasema nimebanwa. Watafiti wamewahi kupitisha mipira myembamba yenye vipima shinikizo ndani ya utumbo wa watu wazima na kuifuatilia mchana na usiku. Wakaona kwamba usingizini misukumo hiyo karibu inakoma, mtu akiamka asubuhi inarudi, na akila inaongezeka tena.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayoita choo: asubuhi ya mwili na chakula kinachoingia tumboni. Kwa anayelala usiku, haya mawili yanakutana bila yeye kupanga chochote. Anaamka, anakunywa chai, baada ya nusu saa anatafuta ndala za kwendea chooni. Ukiwa likizo ndivyo unavyoishi, ndiyo maana huna shida.

Sasa zingatia hili neno "asubuhi ya mwili". Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na saa hiyo inajirekebisha kwa mwanga, hasa mwanga wa jua. Utumbo nao una saa zake ndogo, zinazofuata pia muda unaokula. Ukiingia usiku nne tu, saa ya ubongo haipati nafasi ya kugeuka. Kila asubuhi unarudi nyumbani jua la Tanga linachomoza linakupiga usoni, na siku ya tano unarudi kulala usiku kama kawaida. Matokeo yake, saa 8 usiku wewe uko macho umesimama getini lakini utumbo wako umelala. Saa 5 asubuhi wewe umelala lakini utumbo uko katikati ya mchana wake, unasukuma. Hapo ndipo unapoamka mbio. Hilo la kuamka mbio si tatizo jipya juu ya lile la kukosa choo; ni tatizo lilelile moja, limeonekana upande wa pili.

Wengi wanaofanya usiku hukosea hapa. Wanajaribu kuulazimisha utumbo ufuate zamu: wanakula mlo mkubwa saa 7 au 8 usiku wakitegemea wapate choo kabla hakujakucha, na wakiamka saa 9 alasiri wanakaa chooni muda mrefu kwa sababu "ndiyo asubuhi yangu". Kwa mtu wa usiku mwezi mzima mfululizo, pengine mwili ungefuata kidogo kidogo. Kwa zamu zako za nne kwa nne haufuati. Ushauri wangu ni kinyume chake: uache utumbo ubaki na asubuhi yake ya kawaida, na wewe uiwahi kabla hujalala.

Asubuhi hiyo iko wapi kwako? Iko kati ya saa 12:30 na saa 2, baada tu ya kutoka kazini. Wengi dirisha hili linawapita. Unafika nyumbani umechoka, unajimwagia maji, unakunywa chai ya rangi na andazi moja, unalala saa 1. Utumbo ulikuwa ndiyo unaanza kusukuma, wewe ukazima taa.

Tuifuate siku yako moja ya usiku, tangu unapotoka kazini. Umetoka saa 12, umefika Ngamiani saa 12:30 au 12:45. Kabla ya kitu kingine kunywa glasi mbili za maji, ya uvuguvugu ukipenda. Saa 1 kula. Na kula kweli, maana kinachoamsha utumbo mpana ni wingi wa chakula kinachotanua tumbo, pamoja na mafuta kiasi ndani yake. Andazi moja na chai havitoshi kuugusa. Bahati yako uko Tanga, ambako mbaazi za nazi na maandazi mawili zinauzwa kila mtaa asubuhi, na mlo huo una karibu kila ninachokitafuta: mbaazi zina nyuzinyuzi, nazi ina mafuta, na unashibisha. Maharage ya nazi na chapati ni yaleyale. Ukiwa na uji wa dona au wa mtama, bakuli zima badala ya kikombe, nao unafaa. Ila usishibe mpaka ushindwe kuinama, kwa sababu utalala baada ya muda mfupi na kiungulia kitakusumbua.

Ukishamaliza, kaa au fanya kazi ndogo ya nyumbani dakika 20 hadi 30. Kisha nenda chooni hata kama hujabanwa. Hili la "hata kama hujabanwa" ndilo gumu kwa watu, lakini ndilo linalofanya kazi, kwa sababu baada ya miezi ya kujizuia puru yako imepunguza kutoa taarifa. Msukumo unaweza kupita na wewe ukahisi kujaa tu, au gesi, basi.

Choo cha kuchuchumaa kwa hili ni bora kuliko cha kukaa. Unapochuchumaa, msuli unaoshikilia njia ya haja kama kamba unalegea na njia inanyooka. Kama kwenu ni choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu, magoti yapite usawa wa nyonga, uiname mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Usikaze pumzi ukasukuma mpaka mishipa ya shingo itoke. Vuta pumzi tumbo lijae mbele, lisukume taratibu huku pumzi inatoka. Dakika kumi zinatosha. Kisipotoka, inuka, nawa, kalale, bila hasira. Simu iache chumbani, kwa sababu ukiwa nayo dakika kumi zinakuwa nusu saa, na kukaa hivyo kunajaza damu kwenye mishipa ya njia ya haja, ambayo ndiyo mwanzo wa bawasiri.

Lala saa 2 au 2:15. Weka pazia nene, au funga macho kwa kitambaa. Ukibanwa saa 5 asubuhi usijizuie eti unalinda usingizi. Nenda, usiwashe taa kali, usishike simu, rudi kitandani. Ukishika ratiba hii kwa mizunguko kadhaa, kuamka huko kutapungua kwa sababu puru itakuwa imeshapokea nafasi yake saa 1:30.

Ukiamka saa 8 au 9 mchana, kunywa maji na kula tunda. Hapa nina neno kuhusu machungwa. Sisi watu wa huku tunapata machungwa ya Muheza kwa bei nafuu, lakini angalia tunavyoyala: linamenywa ganda la juu, linakatwa kichwa, linafyonzwa, na nyama yote inatupwa. Maji yake matamu yanaingia, zile nyuzinyuzi zinabaki chini ya meza ya muuzaji. Chungwa moja lina gramu kama tatu za nyuzinyuzi, na karibu zote ziko kwenye ile nyama tunayoitupa. Likate vipande ule na nyama yake. Papai nalo linafaa sana.

Mlo wako mkubwa wa siku uwe saa 10 jioni, kabla ya kwenda kazini. Ugali wa dona au wali, maharage au samaki, na mboga ya majani ya kutosha: mchicha, kisamvu, matembele, bamia, chochote kilichopo. Mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi gramu 25 hivi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinatoa zaidi ya gramu kumi, kwa hiyo ukila kunde za aina yoyote mara mbili kwa siku, na mboga na tunda, umefika bila kupima kitu. Kama hujazoea, ongeza pole pole kwa wiki mbili. Ukianza na bakuli mbili za maharage leo, gesi unayoilalamikia itazidi, na utasema daktari kaniharibia.

Baada ya mlo huu wa saa 10, jipe nafasi ya pili ya chooni, dakika 20 baadaye, kabla ya kuvaa sare. Ni nafasi ya akiba. Asubuhi ikikupita, hapa unaweza kupata, kwa sababu bado ni mchana wa mwili. Kinachopita hapa hakitakusumbua lindoni.

Usiku wenyewe, lengo ni tumbo lisilie njaa na wala lisipewe kazi kubwa. Saa 3 usiku kula mlo mdogo uliotoka nao nyumbani: viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, mkate na mayai. Baada ya saa 6 usiku acha chipsi, nyama choma na vinono vyote. Tumbo la usiku linamimina chakula kwenda chini taratibu kuliko la mchana, kwa hiyo chipsi za saa 8 zinakaa, zinaleta kujaa na kiungulia, na asubuhi unafika nyumbani huna hamu ya ule mlo wa saa 1 ambao ndio nguzo ya mpango wote. Ukipata njaa kali, ndizi mbivu moja na karanga kiganjani zinatosha. Soda usiifanye chakula. Gesi yake inakwenda kuongezea ile uliyonayo.

Kahawa inahitaji hesabu. Ni kweli kahawa inauchochea utumbo mpana, kwa wengine ndani ya dakika chache, na wapo wanaoitumia asubuhi kwa sababu hiyo. Kwako asubuhi ndiyo saa ya kulala, na kafeini uliyokunywa, nusu yake inakuwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa hiyo ile kahawa chungu ya kikombe kidogo inywe mwanzoni mwa zamu, saa 2 au 3 usiku, na ya mwisho isizidi saa 7. Asubuhi tumia maji ya uvuguvugu na mlo. Kukosa usingizi kutakurudisha nyuma zaidi ya ambavyo kahawa ingekusaidia.

Maji. Najua walinzi wengi hawanywi maji usiku ili wasiende kukojoa. Lakini joto na unyevunyevu wa pwani unakutoa jasho ndani ya sare hata saa 9 usiku, na mwili ukikosa maji unayatafuta kwenye utumbo mpana, ambao kazi yake ni kuyanyonya. Choo kinachokaa humo siku tatu kinanyonywa siku tatu. Ndiyo maana kinatoka vigololi vikavu kama vya mbuzi. Beba chupa ya lita moja na nusu, uimalize kabla ya saa 9 usiku kwa kunywa kidogo kidogo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, hunywi vya kutosha.

Nakuja kwenye kujizuia, na hapa sina njia ya mkato. Unapobanwa ukakaza, puru inalegea, choo kinarudishwa juu kidogo, na hamu inapotea. Unaona umeshinda. Msukumo mwingine unaweza usije mpaka baada ya saa nyingi, na wakati huo wote maji yananyonywa. Ukilifanya hilo kila wiki, puru inazoea kubeba mzigo mkubwa zaidi kabla haijakuambia. Ratiba yoyote ya chakula haitafua dafu kama lindoni unajizuia.

Kwa hiyo suala la choo kuwa mbali na geti ni la kuzungumza na msimamizi, na lizungumze kama suala la kazi, siyo la aibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na vinavyofaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, ingawa inaruhusu mtu afanye kazi wakati wa mapumziko kama kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu. Lindo ni kazi ya namna hiyo, na ndiyo sababu nakushauri uombe kitu kidogo kinachotekelezeka: mwenzako wa lindo la jirani ashike geti dakika 15 kwa saa mnayokubaliana, na wewe umshikie yake. Kwa zamu ya usiku omba saa 11:30 alfajiri, mwili unapoanza kuamka. Kwa zamu ya mchana omba saa 2 asubuhi, na sababu yake naieleza.

Zamu ya mchana ina mtego wake. Inaanza saa 12 asubuhi, kwa hiyo unaamka saa 10 alfajiri, unakunywa chai haraka na kukimbilia kazini. Saa hiyo mwili wako bado uko usiku wake, na mtu anayekaa chooni saa 10:30 alfajiri akingoja mara nyingi anaambulia kuchuchumaa tu. Usipigane nao. Kula kidogo nyumbani, beba mlo wa asubuhi ulio kamili, ule lindoni saa 1:30, na saa 2 mwenzako akushikie geti. Utaona nimeitafuta ileile asubuhi kati ya saa 1 na saa 2. Siku za mapumziko nazo fanya hivyohivyo: hata ukitaka kulala mpaka saa 4, amka saa 1, kula, nenda chooni, kisha urudi kulala ukipenda. Mlo huu mmoja usihame siku zote kumi na mbili za mzunguko wako. Milo mingine inaweza kusogea, huu usiuguse.

Kama unafunga Ramadhani, mpangilio unageuka. Mlo wa saa 1 haupo, nafasi yake inachukuliwa na daku. Kula daku lindoni karibu na saa 10 alfajiri, iwe nzito ya kutosha na yenye kunde, unywe maji mengi kati ya futari na daku, na ukifika nyumbani nenda chooni kabla ya kulala, hata bila kubanwa. Tende na uji wakati wa futari husaidia. Futari ya vitu vya kukaanga peke yake, sambusa na bajia, ndiyo inayofungia watu choo mwezi mzima.

Sasa vidonge. Hukutaja jina, lakini vinavyouzwa sana dukani ni bisakodili, na naona kilichokupata. Kidonge cha bisakodili kinachukua saa 6 hadi 12 kufanya kazi. Ukimeza saa 2 asubuhi unapolala, kinakuamsha mchana kwa tumbo la kukata. Ukimeza saa 10 jioni, kinakukuta getini saa 4 usiku au baadaye. Dawa inaamrisha utumbo usukume saa ambayo wewe huna choo karibu, unajizuia, na mduara unaanza upya. Kama siku tatu zimepita bila choo na unahitaji msaada, hesabu kurudi nyuma: unataka choo saa 1:30 asubuhi, basi meza kidonge kimoja cha miligramu 5 karibu na saa 4 usiku ule wa mwisho wa zamu, siyo katikati. Kimeze kizima na maji, usikitafune, wala usikichanganye na maziwa au dawa za kiungulia, kwa sababu ganda lake litayeyuka mapema na kukusokota tumbo. Kiwe cha dharura, siyo cha kila wiki. Ukihitaji kitu cha siku nyingi, muulize mfamasia laktulosi, dawa ya maji inayovuta maji ndani ya utumbo. Inachukua siku moja hadi mbili, hailazimishi saa maalumu, na mwanzoni huleta gesi. Na kama unatumia vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu zenye kodeini, au baadhi ya dawa za kiungulia, mwambie. Hizo zenyewe huweza kufunga choo.

Jipe mizunguko miwili kamili, yaani siku 24, kabla ya kusema imeshindikana. Siku hizo andika kwenye daftari dogo saa uliyolala, saa uliyokula mlo wa asubuhi, saa ya choo na kilivyokuwa: vigololi, kigumu, laini, au maji. Usihesabu mafanikio kwa kupata choo kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki yote ni kawaida, ilimradi kiwe laini na usiumie. Ishara ya kwanza ya kwamba mpango umeshika huwa si idadi. Utaanza kuhisi kubanwa kidogo wakati bado unamalizia maandazi. Siku hiyo acha sahani, nenda.

Dalili za kukupeleka hospitali bila kungoja siku 24 ni damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kutaka, homa, tumbo kuvimba na kuuma huku unatapika na hata hewa haitoki, au tatizo kuendelea vilevile hata siku za mapumziko na likizo. Hiyo ya tumbo kuvimba na kutapika ni ya saa ileile. Mtu anayesoma hapa mwenye zaidi ya miaka 50, ambaye choo chake kimebadilika hivi karibuni, naye apimwe kwanza kabla ya kuanza ratiba.

Ukienda hospitali ya Bombo au kituo chochote, nenda na lile daftari, na mwambie daktari tangu mwanzo kwamba unafanya zamu. Atakuuliza kama choo huwa kinakuamsha usingizini, kwa sababu kwa mtu anayelala usiku hiyo ni dalili tunayoichukulia kwa uzito na inaweza kukupeleka kwenye vipimo vingi. Usijibu "ndiyo" peke yake. Mwambie umelala saa ngapi na kilikuamsha saa ngapi.